UZI: Kakata tiketi ya Jumatatu, imetoka ya Jumapili. Hii KE ya kwenye sw-KE inabeba nini hasa?

Fundi_Namanga (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Nipo Arusha, natunza mfumo wa kukatia tiketi wa kampuni ndogo ya magari ya kwenda Nairobi kupitia Namanga. Jina la kampuni mniwie radhi, silitaji.

Zamani kila kitu kilikuwa `sw-TZ`, nimeiandika mwenyewe ndani ya programu, na hapakuwa na kelele. Septemba 2025 bosi akasema abiria wa upande wa Kenya wameongezeka, wafunguapo ukurasa waone mambo ya kwao. Nikaona njia ya kiungwana ni kuacha kulazimisha: programu isome msimbo kutoka kwenye simu ya mteja. Basi Wakenya wakaanza kuingia na `sw-KE`, wengine `en-KE`.

Haukupita mwezi nikapata vilio viwili.

Cha kwanza, mama mmoja wa Kitengela alitaka kusafiri Jumatatu ya tarehe 27 Oktoba. Akafika kituoni alfajiri na mabegi yake, dereva akaangalia tiketi, imeandikwa 26. Yaani Jumapili. Gari lake lilishaondoka jana na kiti kitupu. Mama anaapa aligusa namba iliyo chini ya Jumatatu. Nikadhani ni macho tu na haraka za safari. Wiki hiyo hiyo wakaja wengine wawili, wote wa Kenya, wote siku moja nyuma. Mtanzania hata mmoja hakulalamika.

Cha pili, nauli yetu ya shilingi 35,000 za Tanzania ilionekana kwa Wakenya kama Ksh 35,000. Kwa bei hiyo mtu si bora apande ndege.

Maneno yote ni ya Kiswahili kile kile, sikubadilisha hata sentensi moja. Nilichobadilisha ni herufi mbili za mwisho. Kwa hiyo naomba kueleweshwa: hiyo nusu ya pili inasema nini kuhusu nchi mpaka ihamishe siku na pesa?

MtumiaBando

Mkuu, Kenya ni 254 na sisi ni 255. Angalia vizuri, huenda ulisahau ile alama ya kujumlisha mbele ya namba. Mimi iliwahi kunitokea, meseji za uthibitisho zikawa haziendi kabisa.

Fundi_Namanga

Asante ndugu yangu, ila hizo ni za kupigia simu. Mimi nazungumzia ile `sw-TZ` na `sw-KE` ambayo simu inaituma ili ukurasa ujue uongee vipi na mtu.

Mwalimu_Koma

Hapa jibu ni jepesi. Nusu ya kwanza ni lugha, nusu ya pili ni lahaja. `sw-TZ` ni Kiswahili sanifu, `sw-KE` ni Kiswahili cha Kenya. Ulipoweka KE ukawaambia wape Kiswahili chao, na mambo yakaharibika, kama ilivyotarajiwa.

Ushauri wangu, ondoa nchi kabisa. Andika `sw` tupu. Lugha yetu haina mpaka, na msimbo usio na nchi hauwezi kuhamisha siku ya mtu.

Msafiri_Athi

Mwalimu, "kama ilivyotarajiwa" umeitoa wapi? Sisi pia tunafanya mtihani wa Kiswahili sanifu, na wengine tulipata A. Tuheshimiane.

Fundi, mimi ni abiria wa njia hiyo, na hiyo kalenda yenu nimewahi kuiona. Ilinichanganya lakini nilikuwa najua tarehe yangu, nikabonyeza tarehe bila kuangalia juu.

Mzee_Seva

Msafiri, hiyo sentensi yako ya mwisho ndiyo imenipa jibu.

Fundi, kabla sijasema mengi: vichwa vya safu kwenye kalenda yako, yaani majina ya siku pale juu, vinatoka wapi? Na namba za tarehe unazipanga kwa kufuata nini? Tuwekee mistari hiyo miwili tu.

Fundi_Namanga

Shikamoo Mzee. Hii hapa:

```
const vichwa = ['J3','J4','J5','Alh','Ij','J1','J2'];
const mwanzo = new Intl.Locale(msimbo).getWeekInfo().firstDay;
```

Vichwa niliviandika mwenyewe. Mstari wa pili unaiuliza brauza wiki inaanza siku gani, na tarehe zinapangwa kuanzia hapo.

Mzee_Seva

Marahaba. Basi mgonjwa wako huyu hapa. Fungua brauza mpya, uulize hivi:

```
new Intl.Locale('sw-TZ').getWeekInfo().firstDay  // 1
new Intl.Locale('sw-KE').getWeekInfo().firstDay  // 7
```

Moja ni Jumatatu, saba ni Jumapili. Data hiyo inatoka CLDR, ghala la desturi za nchi na lugha linalotunzwa na Unicode, ambalo brauza, Java na simu nyingi huchota humo. Humo Kenya imeandikwa kwamba wiki inaanza Jumapili. Tanzania haikuandikwa peke yake, kwa hiyo inafuata kanuni ya dunia nzima, ambayo ni Jumatatu.

Sasa tazama Oktoba 2025. Tarehe 1 ilikuwa Jumatano. Kwa Mtanzania, Jumatano ni safu ya tatu, na kichwa chako cha tatu ni J5. Sawa kabisa. Kwa Mkenya programu imeanza na Jumapili, kwa hiyo tarehe 1 imekaa safu ya nne, na kichwa chako cha nne kinasema Alh. Tarehe zote zimesogea hatua moja kulia, vichwa vimebaki palepale. Jumapili ya tarehe 26 imekwenda kukaa safu ya kwanza, chini ya J3.

Yule mama hakukosea hata kidogo. Alitafuta Jumatatu, akagusa namba iliyo chini ya Jumatatu, na namba hiyo ilikuwa 26.

Na ndiyo maana waliolalamika ni wachache. Aliyekuja na tarehe kichwani, kama Msafiri, alipona. Siku ya Mashujaa, tarehe 20, ilikuwa Jumatatu lakini kwenye kalenda yako ilikaa chini ya J4. Mkenya yeyote anajua Mashujaa ni tarehe 20, akagusa 20, akasafiri salama. Aliyeumia ni aliyetafuta siku. Nakuhakikishia pia kwamba wa `en-KE` waliumia vilevile, maana siku ya kuanza wiki haitoki kwenye lugha. Inatoka kwenye KE peke yake.

Fundi_Namanga

Mzee, nimeenda kuangalia. Kati ya wale watatu, wawili simu zao ni za Kiingereza. Nimekaa chini kwanza.

Mwalimu_Koma

Nakubali hili la wiki sikulijua. Lakini ushauri wangu unabaki: angeandika `sw` tupu yasingemkuta.

Mzee_Seva

Yasingemkuta, kweli, lakini si kwa sababu unayoitoa. `sw` tupu si msimbo usio na nchi. Programu ikikosa nchi huwa inaikisia, na kisio lenyewe limeandikwa:

```
new Intl.Locale('sw').maximize().toString()
// 'sw-Latn-TZ'
```

Kiswahili, herufi za Kilatini, Tanzania. Kwa hiyo Mkenya akipewa `sw` tupu amepewa desturi za Tanzania kimyakimya. Kalenda ya Fundi isingevunjika kwa sababu kila mtu angekuwa Mtanzania, basi. Kosa lingekuwepo, lingekosa tu mtu wa kulifunua.

Na kuhusu lahaja, umeshika nusu ya ukweli. Kama mtu ametafsiri maneno mara mbili, moja ya wasomaji wa Kenya na moja ya Tanzania, ni kweli KE na TZ ndizo zitakazoamua upewe ipi. Lakini Fundi anayo tafsiri moja tu. Kwake KE haina neno hata moja la kuchagua. Imebakiwa na kazi ile nyingine: kuonyesha mlango wa nchi ambako kuna desturi zilizohifadhiwa, wiki inaanza lini, mapumziko ni siku zipi, watu wanapima kwa kilomita au kwa maili.

Bi_Karafuu

Asalaam aleikum jamani. Mimi ni mtu wa Unguja, naishi Maskati mwaka wa kumi na mbili sasa. Simu yangu nimeiweka Kiswahili na eneo nimechagua Oman. Hiyo itakuwa `sw-OM`? Mbona hamkuitaja? Na kalenda yangu inaanza Jumamosi, nilidhani simu imeharibika.

Mzee_Seva

Waaleikum salaam, Bibi. Simu yako nzima. `sw-OM` ni halali kabisa, na hapo ndipo mtu anaona vizuri jinsi nusu mbili zinavyogawana kazi.

Kwenye ghala lile Kiswahili kina mafaili ya nchi nne: Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo ya Kinshasa. Oman haimo. Lakini simu haikatai. Kwa maneno na kwa jinsi ya kuandika namba, ikikosa faili la `sw-OM` inarudi nyuma kwenye `sw`, yaani mambo ya Tanzania. Kwa wiki haihitaji faili la lugha, inakwenda moja kwa moja kwenye orodha ya nchi, inakuta Oman inaanza Jumamosi na mapumziko yake ni Ijumaa na Jumamosi. Kwa hiyo una maneno ya Dar es Salaam na wiki ya Maskati ndani ya simu moja. Hakuna aliyekaa akalipanga hilo kwa ajili yako, limetokea lenyewe kwa kuunganisha nusu mbili.

Kwa hiyo, Fundi, usije ukasema "nchi inaamua kila kitu". Alama ya sehemu ya desimali inatoka kwenye jozi nzima, siku ya kwanza ya wiki inatoka kwenye nchi pekee. Hili watu wengi hulikosa, hata wenye ndevu nyeupe kama mimi.

Bi_Karafuu

Haya, nimeelewa. Na mimi nawauliza nyinyi mliosoma. Jumamosi ni mosi. Jumapili ni pili. Jumatatu ni tatu. Sasa nani ana kalenda ya Kiswahili hapa, sisi wa Oman tunaoanza na mosi, au nyinyi mnaoanza na tatu?

Msafiri_Athi

😂😂 Bibi ametumaliza wote.

Mwalimu_Koma

Kwa hili Bi Karafuu ana hoja. Majina yetu yanahesabu kuanzia siku inayofuata Ijumaa. Ila asisahau kwamba Alhamisi ni ya tano kwa hesabu ya Kiarabu inayoanza Jumapili, na sisi tuna Jumatano ambayo nayo ni ya tano. Wiki moja ina tano mbili zinazofuatana. Msiitafutie mantiki sana.

Mwana_Kivu

Jambo yenu. Mie niko Goma. Nimeona mmesema Kongo ina faili lake, basi nieleze langu.

Nina duka la vifaa vya ujenzi, na kijana mmoja alinitengenezea programu ya hesabu. Alikuwa amesomea Tanzania, akaiweka `sw-TZ`. Mie naandika bei kama tulivyozoea: 12.500, yaani faranga elfu kumi na mbili na mia tano. Programu inaniambia kumi na mbili na nusu. Siku nzima ya kwanza nimeuza mabati kwa faranga kumi na mbili na nusu, kwenye karatasi. Kijana akaniambia nifundishe vidole vyangu kuandika 12,500. Nikamwambia kwetu hiyo ndiyo kumi na mbili na nusu!

Mzee_Seva

Hapo kosa si la vidole vyako. Jaribu:

```
new Intl.NumberFormat('sw-TZ').format(12500.5) // 12,500.5
new Intl.NumberFormat('sw-CD').format(12500.5) // 12.500,5
```

Lugha ile ile, nukta na mkato zimebadilishana viti. Kongo imefuata uandishi uliokuja na Wabelgiji, Tanzania na Kenya zimefuata wa Waingereza, na Kiswahili kimekaa katikati kinaandika vyote viwili. Mwambie kijana aweke `sw-CD`. Na awe mwangalifu: hiyo inatatua kuonyesha tu. Kusoma namba uliyoandika wewe kwa mkono ni kazi nyingine, lazima programu ijue kwamba nukta yako ni ya maelfu. Kipimo chake ni rahisi: andika 12.500, hifadhi, funga, fungua tena. Ikirudi 12,5 ujue bado.

Na asiandike `sw-CG`. Hiyo ni Kongo ya Brazzaville, na kosa hilo nimeliona mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka.

Mwana_Kivu

CD ni nini lakini? Kongo ya kwetu haina D mwisho wa jina.

Mzee_Seva

D ni ile ya Kidemokrasia. Nchi yenu ilikuwa ZR enzi za Zaire. Jina lilipobadilika 1997 na msimbo ukabadilika ukawa CD, hata anwani za mtandao zikatoka `.zr` zikawa `.cd`. Ukiandika `sw-ZR` leo, programu nzuri itakusahihisha yenyewe iwe `sw-CD`. Kwa hiyo herufi hizo hazitoki mbinguni. Ni orodha ya ISO 3166, majina yake yanafuata yale yanayotumiwa na Umoja wa Mataifa, na nchi ikibadili jina huwa nayo inaguswa.

Bi_Karafuu

Kama ni orodha tu, mbona Zanzibar haimo? Magari yetu yakitoka nje yana alama ya EAZ. Uwanja wa ndege ni ZNZ. Niandike `sw-ZNZ`.

Mzee_Seva

Hiyo itakataliwa. Kiti cha nchi kina nafasi ya herufi mbili au tarakimu tatu, si zaidi. Ukiweka herufi tatu JavaScript inarusha `RangeError` na ukurasa unasimama. EAZ ni ya magari, ZNZ ni ya ndege, kila orodha ina wenyewe, na hazichanganywi.

Njia zipo mbili. Zanzibar ina misimbo ya mikoa chini ya TZ, kwa mfano Mjini Magharibi ni TZ-15, na unaweza kuandika `sw-TZ-u-sd-tz15`. Au ukatumia sehemu ya binafsi, `sw-TZ-x-unguja`, ambayo mtaelewana wewe na programu yako tu. Zote mbili ni halali. Sitakudanganya lakini, hakuna simu itakayobadilisha neno hata moja kwa ajili yake, mpaka mtu akae aandike maneno ya Kiunguja.

Bi_Karafuu

Basi inanitambua lakini hainisikii. Nimezoea.

Naona mmesema mambo ya nukta. Juzi nimelipia biriani mbili, simu ikaandika OMR 4.500.

Mwana_Kivu

Elfu nne na mia tano kwa biriani mbili? Bibi, rudi nyumbani!

Bi_Karafuu

Riali nne na nusu, mwanangu. Riali moja ni baisa elfu, ndiyo maana zinaandikwa tarakimu tatu baada ya nukta. Biriani ilikuwa ya kuku.

Fundi_Namanga

Nimecheka peke yangu ofisini. Tuje kwenye pesa basi, maana hapo bado sijapona. Upande wa seva tunatumia Java:

```
NumberFormat.getCurrencyInstance(new Locale("sw", "KE"))
            .format(35000);   // Ksh 35,000.00
```

Nilidhani KE itapanga tu mikato. Kumbe imeweka na sarafu.

Mzee_Seva

Ndiyo, kwa sababu ulimwomba. `getCurrencyInstance` maana yake "nipe uandishi wa pesa wa nchi hii", na sarafu ya nchi hii ni shilingi ya Kenya. Haijabadilisha thamani, haijui thamani. Imechukua namba 35000 na kuipachika jina. Shilingi moja ya Kenya ni karibu ishirini za kwenu, kwa hiyo umewatangazia nauli mara ishirini.

Hapa ndipo nusu ya pili inapoonewa sana. KE inasema huyu mtu amezoea kuona pesa zikiandikwa hivi. Haisemi bei yako iko katika pesa gani. Bei ina sarafu yake tangu ilipoandikwa kwenye hifadhidata, na sarafu hiyo haihami mteja akibadilisha lugha ya simu. Hifadhi vitu viwili pamoja, 35000 na `TZS`, kisha kabla ya kuandika mwambie:

```
nf.setCurrency(Currency.getInstance("TZS"));
```

Mkenya ataona ni shilingi za Tanzania. Kama bosi anataka aone za Kenya, hiyo ni kazi ya kubadilisha fedha kwa kiwango cha siku, na si kazi ya msimbo wa lugha.

Cha kukujulisha zaidi, JavaScript haina tatizo hili. Pale huwezi kuandika pesa bila kutaja sarafu mwenyewe. Wengine wanaona ni usumbufu, mimi naona ni adabu.

Msafiri_Athi

Mzee, mimi kama Mkenya nina swali la wiki. Kalenda ya ukutani kwetu, ile ya duka la nafaka, inaanza Jumapili. Lakini kazini tukisema "wiki ijayo" tunaanza Jumatatu, na ratiba ya shule ya watoto wangu iko Jumatatu hadi Ijumaa. Nani aliamua Kenya ni Jumapili?

Mzee_Seva

Data ile hukusanywa na kurekebishwa na watu, na mtu anaweza kupeleka ombi la kubadilisha akiwa na ushahidi. Mimi siishi Kenya, siwezi kukuamulia. Ila kwa mtu mmoja mmoja kuna njia, `sw-KE-u-fw-mon`: Kiswahili, Kenya, lakini wiki ianze Jumatatu. Brauza za karibuni zinaifuata.

Msafiri_Athi

Mimi ningeibadilisha. Mke wangu amesoma juu ya bega langu anasema asithubutu mtu kugusa, kanisani wiki inaanza Jumapili. Tumeachia hapo.

Kijana_wa_Kampala

Wakubwa nisaidieni pia. Sisi tuliandika `ug-UG` kwa wateja wa Uganda, kwenye risiti tarehe zikatoka kwa herufi kama za Kiarabu. Mteja mmoja akauliza kama tumeuza kampuni. Seva haikutoa kosa lolote.

Mzee_Seva

Haikutoa kwa sababu haukukosea tahajia, ulikosea lugha. `ug` ndogo mbele ni Kiuiguri, lugha ya watu wa magharibi ya China, na huandikwa kwa herufi za Kiarabu. `UG` kubwa nyuma ni Uganda. Umeomba Kiuiguri cha Uganda, ukapewa. Kwa Kiswahili andika `sw-UG`, kwa Kiganda `lg-UG`, kwa Kiingereza `en-UG`.

Orodha mbili zile hazijuani. Kinyarwanda kina bahati, `rw-RW`, na Kisomali `so-SO`, ndiyo maana watu hudhani zinafanana siku zote. Lakini `om` ndogo ni Kioromo, na OM kubwa ni Oman ya Bi Karafuu. `ki` ni Kikuyu, KI ni visiwa vya Kiribati. Mtu akiandika `ke-KE` anapata jambo baya kuliko lako: hakuna lugha `ke`, programu inanyamaza na kutumia lugha ya seva, na wewe unafikiri inafanya kazi.

Mwalimu_Koma

Kwa hiyo kwa Kiswahili, mradi nimeandika maneno mara moja, nihifadhi chini ya `sw` au `sw-TZ`?

Mzee_Seva

Maneno yaweke chini ya `sw`. Ukiyaweka kwenye `sw-TZ` peke yake, simu ya `sw-KE` ikitafuta inaanza `sw-KE`, inarudi `sw`, inakuta patupu. Kwenye Android za kabla ya toleo la 7 mteja wa Nairobi alikuwa anatupwa kwenye Kiingereza wakati maneno ya Kiswahili yapo kwenye folda ya pili, `values-sw-rTZ`. Toleo la 7 lilianza kutafuta na kwa ndugu. Lakini desturi, yaani wiki na nukta, ziombe kwa msimbo kamili aliokuja nao mtu. Hapa nakubaliana nawe nusu, Mwalimu: maneno hayana mpaka, kalenda inao.

Mwalimu_Koma

Hiyo nusu naichukua. Ila siku mtakapoandika neno la kituo cha kupandia gari tutagombana upya, kwa sababu Kenya wana lao.

Msafiri_Athi

"Stegi." Na hatuliachi.

Fundi_Namanga

Mrejesho. Vichwa sasa navizalisha kutoka kwenye `firstDay` ile ile inayopanga tarehe, sijaandika jina la siku kwa mkono tena. Nimepima kwa tarehe 1 Oktoba 2025 kwenye misimbo mitano: TZ, KE, UG, CD na OM. Safu zinatofautiana, lakini zote juu yake imeandikwa Jumatano. Bei sasa zina `TZS` yake. Mama wa Kitengela amerudishiwa nauli na kiti cha bure.

Kimebaki kimoja. Gari la asubuhi linaondoka 08:00. Sisi tunasema saa mbili asubuhi, na Msafiri pia anasema saa mbili. Programu inasema saa 8:00. Ni nusu gani ya msimbo inayorekebisha hilo?

Mzee_Seva

Hakuna. Hakuna nusu wala kiambatisho. Misimbo inajua saa 12 na saa 24, na inajua maneno asubuhi, mchana, jioni. Kwamba siku yetu inaanza kuhesabiwa jua linapochomoza, hilo halina mahali pa kuandikwa, si kwa TZ si kwa KE. Andika vyote kwenye tiketi: 08:00, na chini yake "saa mbili asubuhi" kwa maneno.

MtumiaBando

Kumbe kweli haikuwa ile alama ya kujumlisha.